Mzee Alisimama Kabla ya Zamu Yake

Jumanne asubuhi nilikuwa stage ya boda hapa Kitale, nabishana na jamaa juu ya mpira, simu ikalia. Ni msichana wa jirani yetu kule kijijini Kwanza. Akaniambia, "Mwalimu ametuacha." Sikuuliza mwalimu yupi. Sisi wawili tuna mwalimu mmoja tu wa kuitwa hivyo bila kuongeza kitu: yule mzee wa Kimilili aliyefundisha Kifaransa shule ya upili mpaka akastaafu, halafu akaendelea kukifundisha kwa veranda yake kwa yeyote aliyegonga mlango. Mimi niligonga. Shule niliachia kidato cha pili, na kila kitu ninachojua nimejiokotea mwenyewe, lakini Kifaransa kidogo nilicho nacho ni chake. Mkinisoma hapa kila wiki mnajua hasira yangu iko karibu. Yeye alikuwa akiniambia, "We kijana, kasirika, lakini maliza sentensi kwanza."

Nataka niwaambie siku moja tu ya huyo mzee. Miaka hiyo msichana wa jirani alikuwa anamaliza chuo Bungoma, na idara yao ya Kifaransa ilimchagua atoe hotuba ya shukrani siku ya sherehe yao, mbele ya walimu na wazazi. Akaja Kimilili na karatasi yake. Nilikuwepo. Mwalimu aliisoma, akatoa penseli, akakata nusu. "Hapa umesema 'je', 'mimi', mara ngapi? Umetumwa na darasa lote. Sema 'nous', sisi. Mimi, mimi, peleka kwa harusi yako." Akamwekea mstari mdogo mahali pa kuvuta pumzi, na kamba ya penseli chini ya maneno yanayoshikana, ili 'vous avez' itoke kama neno moja. Dakika nne, si zaidi. Na mpangilio haukuwa wa kuchezea: kwanza unasalimia kila mtu kwa cheo, mkubwa mbele, "Madame la Doyenne, chers professeurs, chers parents, chers camarades," yaani mkuu wa kitivo, walimu, wazazi, wenzako. Halafu unasema ni furaha kuongea kwa niaba ya wenzako. Halafu shukrani zenyewe, kwa mkuu wa kitivo, kwa walimu, na wazazi wa mwisho. Unafunga na "Nous vous remercions", tunawashukuru, unanyamaza, watu wanajua wapige makofi.

Shida ilikuwa babake msichana. Mzee wa mahindi, wa kuamka na jogoo, na miaka yote minne aliuliza swali moja: "Hiyo Kifaransa utaongea na nani hapa Kwanza, ng'ombe?" Lakini kila msimu wa kupalilia alikataa kumwita msichana nyumbani. Alipalilia peke yake, shamba lote, mtoto asikose darasa. Sasa alikuwa amesema Bungoma haendi. Msichana aliposema hivyo alilia pale veranda. Alitaka huyo mzee ashukuriwe na ajue ameshukuriwa. Bila hiyo, alisema, hotuba ni ya bure.

Jumapili tukaenda Kwanza, mwalimu na mimi. Mzee alitupokea vizuri, chai ikaja, halafu akasema wazi. "Mwalimu, kwetu mtu akishukuriwa mbele ya watu anasimama, anainua mkono. Ukikaa chini umeikataa shukrani. Sasa mimi nitajua aje kama ni mimi anasema? Nikae pale kama gunia?"

Mwalimu akafikiria, akasema, "Utasikia 'chers parents'. Maana yake wazazi wapendwa. Ukisikia hiyo, simama."

"Sher paron."

"Hapo hapo."

"Na nikae lini?"

"Ukisikia 'merci'. Hiyo ni asante. Kwa karatasi yake iko mara moja tu, mwisho wa shukrani za wazazi."

Mzee akairudia mpaka chai ikapoa. Wiki nzima, niliambiwa, alikuwa akiisemea mahindi.

Na mimi niliyekuwa hapo na Kifaransa changu cha kuokota sikuona kosa, na mwalimu aliyefundisha hotuba hizo maisha yake yote hakuliona pia. Kwake salamu ni salamu, shukrani ni shukrani. Hakukumbuka kwamba wazazi wanatajwa mara mbili.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, mwalimu amekaa mbele na walimu walioalikwa, mimi na mzee safu ya katikati. Msichana akashika maikrofoni. "Madame la Doyenne, chers professeurs, chers parents," na mzee akasimama. Koti lake la kanisani, kofia kwa mkono mmoja, mwingine juu. Peke yake, ukumbi mzima. Nikamvuta koti. Akaninong'oneza, "Wacha. Bado hajasema merci." Kijana mmoja nyuma yetu akacheka, "Buda anatafuta choo." Niligeuka nikamwambia kitu ambacho mhariri hataniruhusu kuandika, na sijutii hata herufi moja.

Lakini nilikuwa nimejua hesabu ya hiyo karatasi. Kabla ya merci ya wazazi kulikuwa na furaha, mkuu wa kitivo, na walimu mmoja mmoja. Huyu mzee angesimama hapo karibu dakika nne akichekwa, na akikaa, kwa akili yake, amemkataa mtoto wake. Msichana aliacha kusoma, akamtazama babake. Hapo mbele nikaona mtu akiinuka polepole, na goti lake bovu la uzee. Ni mwalimu. Akageuka akaangalia nyuma, moja kwa moja kwa mzee, akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Sasa walikuwa wawili.

Msichana akakunja karatasi. Akasema, "Et à vous d'abord, chers parents." Na kwenu kwanza, wazazi wapendwa. Akaruka wakubwa wote. Akawashukuru waliopanda ili sisi tuvune, halafu akaongeza ambayo haikuwa kwa karatasi, kwamba kuna waliopalilia peke yao bila kutuita. Mama mmoja aliona wawili wamesimama, naye akasimama. Kisha safu yake. Kufika "merci", wazazi wote walikuwa juu, mikono hewani, na mama mmoja anapiga vigelegele. Mzee akakaa. Akaniuliza, "Nimefanya sawa?"

Baadaye mhadhiri mmoja alimfuata mwalimu akilalamika ati protokoli imevunjwa. Nilikuwa tayari kumrukia. Mwalimu akanishika mkono. "Ni kweli," akamwambia, "na kosa ni langu, nilimwelekeza mzee vibaya. Lakini protokoli tuliiweka ili shukrani isimpotee mwenyewe. Leo imemfikia." Njiani kurudi alicheka mpaka Kimilili. "Miaka yote hiyo, bana," alisema, "na sikujua orodha ya salamu inaweza kusimamisha mtu."

Jumamosi tulimzika. Msichana, ambaye siku hizi anafundisha Kifaransa yeye mwenyewe, aliomba kusoma maneno machache. Akaanza, "Cher professeur," mwalimu mpendwa. Anayeitwa alikuwa kwa jeneza. Na nyuma yangu nikasikia kiti kikisogea. Mzee wa Kwanza alikuwa amesimama, koti lile lile, mkono juu. Safari hii hakuna aliyecheka. Alisimama mpaka merci ya mwisho, kisha akakaa, akavaa kofia.

Nilimuuliza kwa nini, na aliyetajwa si mzazi. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiyejua kusoma. "Si ameshukuriwa? Na hawezi kuinuka. Sasa ikataliwe?"

Ndio maana nawaandikia leo. Kama kuna mtu aliyekusimamia siku ukumbi mzima unacheka, mpigie simu wiki hii, akiwa bado na miguu ya kusimama nayo. Na usimweke mwisho kwa orodha. Mimi wangu sikumpigia, na nilikuwa na namba yake.