Jibu la Nne la Mia Moja na Tano

Sina desturi ya kuwasifu watu wakiwa hai. Sifa humlegeza mtu, na nimewaona walimu wengi wazuri wakiharibika kwa kupigiwa makofi. Leo naivunja desturi hiyo kwa ajili ya Mwalimu Evelina Shemweta, kwa sababu kosa ninalolieleza hapa lilikuwa langu pia, na aliyelisahihisha ni yeye.

Mwalimu Evelina anafundisha hisabati katika sekondari moja hapa Lushoto, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alizaliwa Mponde, kwa wakulima wadogo wa chai, na anasema alijifunza kuzidisha kwa kuhesabu vikapu vya mama yake. Hakuolewa. Kaka yake alipofariki, alimchukua binti wa marehemu, Eliza, akamlea. Shuleni Eliza humwita Mwalimu kama wanafunzi wengine, nyumbani humwita shangazi, na wala hajawahi kuyachanganya hayo mawili. Hilo peke yake linakuonyesha nyumba hiyo ilivyo.

Kila mwaka, mwezi wa pili, shule zetu za milimani hufanya shindano la hisabati kwa kidato cha tatu. Anayeongoza hupata nafasi moja tu ya kwenda kambi ya hisabati Tanga mjini, wiki mbili, chini ya walimu wa chuo. Kwa mtoto wa huku ambaye shule yake ina mwalimu mmoja wa hisabati kwa madarasa yote, wiki mbili hizo si jambo dogo.

Mwaka huu swali la saba lilitungwa na Mwalimu Evelina: tafuta jozi zote za namba nzima chanya x na y ambazo kipeo cha pili cha x ukitoa kipeo cha pili cha y unapata 105.

Njia yake ni safi. Tofauti ya vipeo viwili vya pili ni sawa na (x − y) kuzidisha (x + y). Kwa hiyo unatafuta namba mbili zinazozidishana kuwa 105. Ndogo ni x − y, kubwa ni x + y. Zijumlishe ugawe kwa mbili, umepata x. Toa ndogo kwenye kubwa ugawe kwa mbili, umepata y. Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na majibu matatu: 3 mara 35 inatoa 19 na 16, 5 mara 21 inatoa 13 na 8, 7 mara 15 inatoa 11 na 4. Walimu kumi na mmoja tuliusoma mwongozo huo, na sote tukatia sahihi.

Mimi ndiye niliyepewa swali la saba kusahihisha. Swali lilikuwa na alama nane: mbili za kuonyesha vigawo, na mbili kwa kila jibu. Atakayeongeza jibu lisilo sahihi angekatwa mbili. Katika karatasi mia na kitu nilikuta moja tu yenye majibu manne. La kwanza lilikuwa 53 na 52. Nilitazama mwongozo, sikuliona, nikapiga kosa jekundu na kukata alama mbili. Sikuzidisha. Kuzidisha kungenichukua chini ya dakika moja.

Matokeo yalitangazwa Ijumaa. Eliza alikuwa wa kwanza kwa alama 81. Wa pili, kwa alama 80, alikuwa Sabra, binti wa wakulima wa kabichi huko Shume. Sabra alimpa Eliza mkono, akapanda gari la mboga lililokuwa linarudi Shume, akaondoka.

Jumatatu Mwalimu Evelina alifanya masahihisho darasani. Aliandika ubaoni ngazi ya kugawanya kwa namba tasa, kama alivyozoea: 105 kwa 3 ni 35, kwa 5 ni 7, kwa 7 ni 1. Akaipigia mstari ile 1 chini, ishara kwamba kazi imekwisha. Kisha akachukua 3, 5 na 7 kutoka pembeni mwa ngazi, akaipa kila moja mwenzake, akapata jozi zake tatu.

Eliza akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunajuaje kwamba ni tatu tu?"

"Wewe si ulipata zote? Unauliza nini tena?"

Darasa likacheka. Eliza hakukaa. "Nilipata tatu nikaacha, Mwalimu. Sikujua kama zimekwisha. Niliacha tu kwa sababu sikuona nyingine."

Mwalimu mvivu angesema "kaa chini." Mwalimu Evelina alisema swali ni zuri. Akaeleza: kila kigawo cha 105 kinaundwa kwa kuchagua. Tatu iwemo au isiwemo, tano iwemo au isiwemo, saba iwemo au isiwemo. Mbili mara mbili mara mbili, vigawo vinane. Vigawo vinane vikiwekwa viwili viwili vinakuwa jozi...

"Nne!" darasa likaitikia.

Mkono wake ukasimama ubaoni. Waliokuwepo wanasema aliitazama ngazi yake toka juu hadi chini.

"Zihesabuni," akasema.

Wakahesabu: tatu, tano, saba, kumi na tano, ishirini na moja, thelathini na tano, mia moja na tano. Vikawa saba.

"Kimoja kimepotea," akasema Hezekia, kijana wa dawati la nyuma asiyekosa neno. "Mwalimu, kimepanda basi la Tanga."

"Hakijapanda basi, Hezekia. Kiko pale pale." Akaonyesha mguu wa ngazi, ile 1 aliyoipigia mstari. "Usipochagua tatu wala tano wala saba, unabaki na moja. Nimekuwa naiandika miaka ishirini na mbili kama alama ya kufunga kazi, na sijaitazama."

Akaandika: 1 mara 105. Jumla 106, nusu yake 53. Tofauti 104, nusu yake 52. Akamwita Eliza azidishe ubaoni. Hamsini na tatu mara hamsini na tatu, 2809. Hamsini na mbili mara hamsini na mbili, 2704. Eliza akatoa, akapata 105, akaweka chaki chini taratibu. Alikuwa ameshaelewa kabla ya darasa zima.

Saa nne kasoro simu yangu iliita.

"Mwalimu, kuna mtoto yeyote aliyeandika hamsini na tatu na hamsini na mbili?"

Nilikumbuka papo hapo. Kosa jekundu hukumbukwa. "Yupo mmoja. Wa Shume. Nilimkata mbili."

Akasema, "Basi tumemkata sote."

Mchana huohuo alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati yetu, Mwalimu Idrisa, na mimi nikaenda naye, maana niliona haya kubaki nyuma. Mwalimu Idrisa si mtu mbaya. Amechoka, na barua ilikuwa imekwisha kwenda Tanga.

"Dada Evelina," alisema, "ungetunga mia moja na sita, asingepata mtu hata jibu moja, na sisi tungelala." Alikuwa anasema kweli: katika vigawo vya 106 kila jozi ina namba moja witiri na moja shufwa, jumla haigawanyiki kwa mbili. Lakini Mwalimu Evelina hakucheka.

"Sikutunga mia moja na sita."

"Mtoto wa Shume amelalamika?"

"Hajui kama ana la kulalamikia. Alipewa kosa jekundu na walimu kumi na mmoja. Anaamini amekosea."

"Na Eliza si mtoto wa marehemu kaka yako? Unamnyang'anya mwanao mwenyewe?"

"Simnyang'anyi. Nafasi haikuwa yake." Akaweka karatasi mezani, hesabu mpya imeandikwa kwa mkono: majibu manne, alama mbili kila moja, na zile mbili za vigawo zimeondolewa. Sabra anapanda toka sita hadi nane, na zile mbili zilizokatwa ndizo hizo, jumla 82. Eliza anashuka toka nane hadi sita, jumla 79. "Wanafunzi arobaini na watatu waliniona nikiandika ubaoni leo. Nikinyamaza, nitakuwa nimewafundisha kitu kingine kabisa, na hicho hawatakisahau."

Mwalimu Idrisa alisoma karatasi mara mbili. Kisha akachukua kalamu yake mwenyewe, akazidisha 53 kwa 53 pembeni, kama vile mimi nilivyotakiwa kufanya. Akapiga simu Tanga mbele yetu. Walikubali kubadili jina, mradi barua mpya ifike kabla ya Alhamisi. Niliipata karatasi ya Sabra kabatini. Wino mwekundu haufutiki, na ni vizuri usifutike. Niliandika kando yake: "Jibu ni sahihi. Kosa ni la msahihishaji," nikatia sahihi yangu.

Jioni, nyumbani, Eliza aliuliza akiwa anamenya ndizi, bila kuinua macho. "Shangazi, kwa hiyo mimi siendi?"

"Huendi."

"Kama ningenyamaza, nisiulize lile swali?"

"Ungenyamaza, ungekwenda. Na ungekwenda hujui ni lini mtu huacha kutafuta."

Mwalimu Evelina anasema msichana alilia, na yeye hakumbembeleza. Alikaa naye tu jikoni mpaka ndizi zikaiva. Najua wapo watakaomwona mkali. Mimi naona wazazi wengi wa siku hizi wangempigia mwenyekiti simu kuomba barua isibadilishwe.

Jumatano tulikwenda Shume na barua. Sabra alitoka shambani miguu ina tope, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akaipokea karatasi yake kwa mikono miwili. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Nikamwuliza kwa nini jibu la hamsini na tatu aliliweka la kwanza, wakati wengine wote hawakuliona kabisa.

Alinitazama kama mtu anayeogopa swali la mtego. "Nilikuwa natafuta vigawo kwa mpangilio, Mwalimu. Kuhesabu si kunaanza na moja?"

Mama yake alifunga kikapu cha mapeasi akampa Mwalimu Evelina. Mwalimu alikataa. "Msinishukuru, Mama. Nimerudisha kilichokuwa chake."

"Anayerudisha hashukuriwi?" mama akauliza. "Basi nani atarudisha tena?"

Kikapu kikaingia garini. Sabra amekwenda Tanga. Mwalimu Evelina sasa, akichora ngazi, huandika moja juu kabisa kabla ya kuanza kugawanya, na mimi huzidisha kila jibu nisilolikuta kwenye mwongozo. Kwa hilo namshukuru kila ninaposhika kalamu nyekundu.

Kuhusu mapeasi, aliyafikisha nyumbani akayaweka mezani. Eliza aliyatazama.

"Haya ndiyo ya Sabra?"

"Ya mama yake."

Akachukua moja, akalifuta kwa kanga, akauma. "Bado magumu kidogo," akasema akitafuna. Akalimaliza, akachukua la pili.