Shehena ya Kwanza ya Mzee Ndungu

Chelimo ana sauti ya mtu anayeomba msamaha hata wakati anapokukatalia. Ukimkuta kwenye mji mdogo wa Ziwa siku ya soko, kikapu mkononi na kitambaa kichwani, utadhani ni mwalimu wa chekechea aliyetoka kununua sukuma wiki. Lakini madereva wanaoleta chakula cha ng'ombe kwenye stoo ya chama cha wafugaji, ambako yeye ndiye mpokeaji mizigo, hawadanganyiki na hiyo sauti. Wakimwona anakuja na mrija wake wa chuma, ule wenye ncha unaodungwa kwenye gunia ukatoka na kilichomo katikati, wanazima injini na kutafuta kivuli. Wanajua watakaa.

Hakuwa hivyo zamani. Kwa miaka mingi chama kilinunua mashudu ya pamba kutoka kwa Kimeli, mtu wa hapo hapo Ziwa, ambaye Chelimo alimjua tangu wakiwa shule ya msingi. Kimeli alikuwa akipiga honi, lango linafunguliwa, magunia yanashuka, watu wanakunywa chai na kuulizana habari za nyumbani. Nani angemwomba Kimeli makaratasi? Ingekuwa sawa na kumwomba shemeji kitambulisho mlangoni.

Kisha maziwa ya chama yakakataliwa kiwandani. Yalipopimwa yalikutwa na sumu ya aflatoksini, ile inayoanzia kwenye kuvu la chakula cha mifugo. Ng'ombe akiila inapita hadi kwenye maziwa, na uyachemshe utakavyo, haiondoki. Maziwa ya asubuhi nzima yalimwagwa, na mashudu ya Kimeli yalipopimwa, chanzo kikajulikana. Chelimo hakula siku ile. Alikuwa anawafikiria watoto wa nyumba zote zinazoacha chupa moja ya maziwa kabla ya kuleta mengine chamani, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa juu ya Kimeli peke yake; nyingine ilikuwa juu yake mwenyewe.

Kamati ilikaa ikapitisha kwamba muuzaji yeyote mpya asipokelewe shehena yake ya kwanza bila cheti cha ubora na ripoti ya maabara inayohusu shehena hiyo hiyo. Kazi ya kudai ikawekwa mikononi mwa Chelimo. Alidhani itakuwa rahisi, kwa sababu alidhani muuzaji mpya atakuwa mtu asiyemjua.

Akawa Mzee Ndungu.

Mzee Ndungu ana duka la chakula cha mifugo mjini Eldoret na nyumba mtaa wa Kimumu, nyumba chache tu kutoka anapoishi Chelimo. Wanasali kanisa moja. Mume wa Chelimo alipofariki, pikapu ya Mzee Ndungu ndiyo iliyobeba viti na sufuria, na mkewe Nyokabi alilala kwa Chelimo wiki nzima, akipika na kuosha vyombo kana kwamba ni kwake. Mtu wa namna hiyo unamwombaje ushahidi wa uaminifu wake? Chelimo alimwomba kwa simu, akizunguka zunguka maneno mpaka mwenyewe akamcheka.

"Mama Brian, si useme tu unataka certificate na report? Nitakuja nazo. Hakuna shida."

Lori lilifika Februari, jua likiwa limekausha nyasi mpaka mashamba yakawa na rangi ya maboksi. Ng'ombe walikuwa wamepunguza maziwa, na wafugaji walikuwa langoni tangu asubuhi na pikipiki na mikokoteni ya punda. Mwenyekiti, Mzee Lawrence, alikuwa ameshawaahidi kwamba leo watarudi na mashudu. Mzee Ndungu alikuja nyuma ya lori na pikapu yake, akashuka na chupa kubwa ya chai, kwa sababu pale chamani anayeleta mzigo wake wa kwanza huja na chai, mtu anaongoza maombi, vikombe vinazunguka, ndipo magunia yanashushwa.

Waliomba. Chelimo alipewa kikombe cha kwanza.

"Kunywa, Mama Brian. Hiyo ni maziwa ya ng'ombe zangu. Na zinakula cake hii hii ya pamba, tangu mwezi jana."

Ilikuwa chai tamu, nzito. Aliimaliza, akafuta mikono, akafungua bahasha.

Cheti cha ubora cha kinu kilichokamua mbegu kilikuwa sawa. Ripoti ilitoka maabara inayotambulika, ina muhuri na sahihi, na kiwango cha sumu kilikuwa chini kabisa ya kinachoruhusiwa. Chelimo alishusha pumzi. Kisha akafanya alichokuwa ameapa kukifanya kila mara: akaenda kwenye lori na ile ripoti, akasoma nambari ya bechi iliyopigwa kwenye magunia. Haikuwa ile ya kwenye ripoti. Akaangalia tarehe. Sampuli ilipelekwa maabara mwezi wa kumi, na magunia haya yalikuwa yamejazwa Januari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, maabara yenyewe ilikuwa imeandika kwamba majibu hayo ni ya sampuli iliyoletwa tu, si ya kitu kingine chochote. Alitamani angekuwa na macho mabovu siku hiyo.

"Mzee," alisema, "report ni nzuri. Lakini si ya hii mzigo."

"Ni mill moja. Mashine moja. Cake ni ile ile."

"Pengine ni ile ile, Mzee. Lakini hii haijapimwa. Mbegu ikikaa kwa unyevu wiki chache tu, mambo inabadilika, na kwa macho huwezi kuona."

Mzee Ndungu alicheka kidogo, akaangalia watu waliokuwa langoni, akaacha kucheka.

"Nikuulize kitu, na unijibu kama mtu wa kanisa. Kimeli alikuwa analeta hapa miaka mingapi? Ulimwomba report hata siku moja?"

Waliokuwa wakifungua turubai walisimama. Kila mtu alijua alichokuwa akiulizwa Chelimo, na kwamba hakikuhusu mashudu peke yake. Kimeli ni mtu wa hapa, kwa ardhi na kwa kabila. Ndungu, hata angezaliwa Kimumu, na watoto wake wakazaliwa Kimumu, kuna watu ambao kwao bado ni mgeni. Kuna miaka ya uchaguzi na nyumba kuchomwa ambayo hakuna anayependa kuizungumzia, na ilikuwa imesimama pale uani pamoja nao.

"Hapana," Chelimo alisema. "Sikumwomba."

"Basi," alisema Mzee Ndungu, akaanza kukusanya vikombe vyake.

Mzee Lawrence alimvuta Chelimo kando ya stoo. Mwenyekiti si mtu mbaya, ila anapenda kupendwa, na wafugaji wake walikuwa wameanza kunung'unika. "Chelimo, pokea. Si karatasi anayo? Nani ataangalia hizo namba? Hawa watu wataenda kununua takataka kule kwa barabara."

"Watanunua, najua."

"Na huyu mzee umemwaibisha."

"Hiyo pia najua, Mzee. Lakini kama Kimeli ningemwomba, hatungemwaga maziwa. Sasa nianze lini?"

Walifikia hapo pa kati ambapo hakuna aliyefurahi. Magunia yangeshushwa kwenye stoo ndogo ya nyuma, peke yake, bila kuuzwa hata moja, mlango ukifungwa kwa kufuli mbili: moja ya chama, moja ya Mzee Ndungu. Chelimo alidunga magunia ya mbele, ya nyuma, ya juu na ya chini, na Mzee Ndungu akasimama karibu akitazama kila tundu kama mtu anayetazama daktari akimdunga mwanawe sindano. Unga uliotoka ukachanganywa, ukagawanywa mafungu matatu, yakafungwa na kutiwa sahihi za wote wawili. Moja la maabara, moja la chama, moja akabaki nalo Mzee Ndungu, asije siku moja kudhani amebadilishiwa. Alilitupa kwenye kiti cha pikapu bila kuliangalia.

Wafugaji waliondoka na mikokoteni mitupu. Mmoja alisema kwa sauti, ili asikike, kwamba kama lori lingekuwa la mtu fulani lingekuwa limeshashushwa. Chelimo alimsikia. Lililomuuma zaidi ni kwamba zamani neno hilo lingekuwa kweli.

Kungoja majibu kulikuwa kugumu kuliko kukataa. Jumapili Nyokabi alimsalimu kwa ncha za vidole, yule Nyokabi aliyemwoshea vyombo vya matanga, na Mzee Ndungu akakaa upande mwingine wa kanisa. Chelimo alipiga magoti na kuomba jambo ambalo huenda hakuna mpokeaji mizigo aliyewahi kuliomba: kwamba aonekane mjinga. Maabara iseme mashudu ni safi, watu wamcheke soko zima, Mzee Ndungu apige honi langoni na kuingia kichwa juu. Aliomba hivyo kwa moyo wote, na bado hakutamani kurudisha nyuma alichofanya.

Majibu yalikuja kwenye simu yake akiwa kazini. Aliyasoma, akayasoma tena akilinganisha nambari ya bechi, safari hii akitumaini kwamba ndiyo imekosewa. Haikukosewa. Sumu ilikuwa imepita kiwango cha chakula cha ng'ombe wa maziwa mara kadhaa.

Hakumpigia simu. Habari kama hiyo haitumwi kwa simu kwa mtu aliyebeba viti vya matanga yako. Alifunga stoo mapema, akapitia mjini kuichapisha ripoti, akaenda Kimumu, akabisha mlango wa Mzee Ndungu. Nyokabi alimfungulia, akasita, kisha adabu ikashinda. Alimkaribisha kiti na kwenda jikoni kuleta chai.

Mzee Ndungu alivaa miwani. Chelimo alikuwa amejiandaa kwa kila neno: kwamba maabara imenunuliwa, kwamba Kimeli yuko nyuma ya hii, kwamba lile fungu la tatu lipimwe kwingine. Angekubali lipimwe, ni haki yake. Mzee Ndungu alisoma polepole, kidole kikitangulia kwenye mstari, mpaka kikafika kwenye nambari. Kikakaa hapo.

"Hii si ya mwezi wa kumi," alisema.

"Hapana, Mzee. Ni ya yale magunia."

Nyokabi alirudi na kikombe, akamwekea Chelimo mkononi. Kilikuwa kimejaa, cheupe kwa maziwa ya ng'ombe wao, kina utandu juu. Nyuma yake wajukuu wawili walikuwa wakikimbizana kuelekea uani, mdogo akiwa na alama nyeupe ya maziwa juu ya mdomo.

Mzee Ndungu aliinuka. Alikuja mpaka alipoketi Chelimo, akakichukua kile kikombe kutoka mkononi mwake taratibu, akakiweka mezani mbali naye.

"Nyokabi," alisema, "watoto wamekunywa maziwa leo?"

"Si wanakunywa kila siku," Nyokabi alijibu, akishangaa swali lenyewe.