Mwalimu Makaratasi na Vali ya Moyo

Shuleni kwetu kila mwalimu ana jina la pili, na wanafunzi hawaombi ruhusa kulitoa. Mimi wananiita Pilipili, na sikatai. Jirani yangu wa meza katika chumba cha walimu, mama wa baiolojia, wanamwita Mwalimu Makaratasi. Asubuhi anaingia kazini amekumbatia maboksi yaliyokatwa, kalenda za zamani zilizochorwa mgongoni, na vipande vya karatasi ngumu vyenye sentensi za mapengo. Mumewe ni fundi cherehani. Mkasi ukipotea pale dukani, hamsumbui mtu, anajua uko wapi.

Makaratasi yana sababu yake. Masomo yetu yanafundishwa kwa lugha ambayo watoto wanaikuta shuleni tu. Nyumbani haiongewi, sokoni haisikiki, ndotoni ndiyo kabisa. Yeye mwenyewe alisomeshwa hivyo hivyo. Alipokuwa msichana alikariri kurasa nzima kuhusu jinsi maji yanavyopanda ndani ya mmea, akapata alama za juu, na siku alipogundua kuwa habari yote ile ilikuwa inauhusu mchicha wa nyuma ya jikoni kwao, alilia kwa hasira. "Waliniibia, shoga," aliniambia. "Mchicha nilikuwa naumwagilia mwenyewe, na hakuna aliyeniambia ndio huo!" Hasira ile hajaiacha, na Mungu amsaidie asiiache.

Basi darasani kwake mambo huanza na mchoro. Anabandika ubaoni, anawaacha watoto waujadili wawili wawili kwa lugha wanayoongea nyumbani, mpaka waelewe kitu chenyewe. Ndipo analeta maneno, machache tu, yale ambayo bila hayo somo halisimami, kila neno na kapicha kake na maana yake. Mwisho zinakuja sentensi za mapengo. Maneno ya kuungia yapo, kiini hakipo. Hicho anakileta mtoto. Na wiki zikienda, sentensi hizo anazikata. Leo sentensi ina mapengo matatu, baadaye inabaki nusu, halafu linabaki neno "kwa sababu" peke yake, na hatimaye ukuta unabaki mtupu na watoto wanaongea.

Hiyo ya kukata ndiyo Mkuu wa shule hakuwahi kukaa kuiona. Yeye alipita dirishani, akaona picha, akasema shule yake imegeuzwa chekechea. Kuna mwaka alijaribu kuiga. Akabandika kila darasa orodha ndefu ya maneno kutoka darini hadi sakafuni, watoto wakakariri bila kujua hata moja linatumika wapi, kisha akatangaza kwamba njia yenyewe haifai. Nilicheka nikatoka nje.

Sasa mwaka huu katika darasa langu kuna msichana wanamwita Kimya. Kwenye masomo mengine alikuwa hafungui mdomo, na akiulizwa anaangalia viatu. Kwa Mwalimu Makaratasi alikuwa ameanza kuongea, polepole, kipande cha karatasi mkononi. Mkuu akaona alama za jumla, akaamua arudishwe darasa la nyuma, na akamwita baba yake aje kutia sahihi.

Baba mtu ni mwashi. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji imemkaukia kwenye suruali, akakaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba atakichafua. Mimi nilikuwepo kama mwalimu wa darasa. Kimya alisimama karibu na kabati la vikombe vya michezo. Mwalimu Makaratasi hakuitwa. Alikuja.

"Mzee wangu," Mkuu alimwambia mwashi, "mtoto wako ana adabu, lakini kichwa bado. Arudie tu. Tusimpe mzigo asioweza."

"Nyie ndio mnajua, Mkuu," mwashi alisema, akaitafuta kalamu.

"Subiri kidogo, baba," Mwalimu Makaratasi akasema. "Usiweke sahihi kabla hujamsikia mwanao."

"Mwalimu, hili limeshaamuliwa."

"Limeamuliwa na nani, Mkuu? Mbona aliyemfundisha hakuulizwa?"

Roho yangu ikaruka kwa furaha. Mwalimu Makaratasi akatandaza juu ya kioo cha meza ya Mkuu mchoro wa moyo: chemba za juu, chemba za chini, vali kati yake, mishale ya damu. Hakuna neno hata moja juu yake. Pembeni akaweka orodha ya maneno matano na kipande cha karatasi kilichosema: "Kama ___, basi ___, kwa sababu ___."

Mkuu akakishika kwa vidole viwili. "Si ndiyo haya ninayosema? Unawatafunia, wao wanameza."

"Nionyeshe jibu liko wapi hapo," Mwalimu Makaratasi alisema. "Tafuta, Mkuu. Muda tunao."

Mkuu alitafuta. Aligeuza hata upande wa nyuma. Mwashi naye akainua shingo kutazama.

"Sawa," Mkuu akasema, na uso wake haukupendeza. "Basi swali nauliza mimi, na si la kwenye daftari lake. Vali hii hapa ikichakaa, isifunge, itakuwaje?"

Akauliza kwa lugha ya darasani, haraka, kwa makusudi. Nikataka kumrukia. Mwalimu Makaratasi akasema, "Uliza tena taratibu, na uoneshe kwa kidole. Wewe mwenyewe daktari akikueleza ugonjwa wako kwa kasi hiyo utaelewa?" Na Mkuu, sijui kwa nini, akauliza tena taratibu, na kidole akakiweka kwenye vali.

Kimya akasogea mezani. Aliutazama mchoro muda mrefu. Midomo yake ilijaribu kitu kwa lugha ya nyumbani kwanza, nilimwona. Halafu akaweka kidole chake kwenye chemba ya chini na kuanza, kwa lugha ile ile aliyoulizwa, sarufi ikichechemea:

"Kama vali haifungi, basi damu kidogo inarudi juu, kwa sababu chemba ya chini inabana na njia iko wazi." Tukadhani amemaliza. Kisha, bila kutazama karatasi, "Kwa hiyo moyo anachoka. Anasukuma damu ile ile mara ya pili."

Hilo la kuchoka halikuwa kwenye orodha. Halikuwa popote.

Mwashi hakuelewa lugha, lakini alikuwa ameufuata mshale na kidole cha mwanawe. "Kama pampu ya pale saiti," akasema kwa sauti ya chini. "Vali ikiharibika maji yanarudi, mashine inanguruma bure." Akairudisha kalamu mezani. "Mkuu, mimi siweki sahihi."

Mkuu alinyanyua kile kipande cha karatasi, akakipunga mbele ya uso wa Kimya. "Haya, sema ukweli. Sentensi hii ni ya nani?"

Kimya, ambaye mwaka mzima alikuwa akiangalia viatu vyake, alimwangalia Mkuu.

"Mapengo ni ya mwalimu," akasema. "Nilichojaza ni changu."

Kisha akamshika baba yake mkono, akamuaga pale pale, na akarudi darasani. Darasa lake lile lile.