Wifi Yangu na Koo la Kinanda

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anafundisha kwaya shule ya msingi, na kama hujawahi kuishi nyumba moja na mwalimu wa kwaya basi una raha yako usiyoijua. Asubuhi ukisukutua mdomo, yeye anasikiliza unavyosukutua. Kaka yangu, fundi vigae, mtu mpole asiyemkosea nzi, aliacha kuimba bafuni mwaka ule ule waliooana. Aliambiwa tu, kwa heshima zote, "Mume wangu, huo wimbo unauonea." Tangu hapo anaoga kimya kimya.

Masikio ya yule mwanamke si ya kawaida. Kwaya nzima ikiimba, mtoto mmoja akishuka kidogo tu, anamjua ni nani na amesimama wapi. Hagombi. Anamtazama, na mtoto anajirekebisha mwenyewe. Sifa hatoi. Ukiimba vizuri kweli kweli atakwambia, "Tuendelee," na watoto wanaigombania hiyo "tuendelee" kama pipi. Mimi ni msusi, nasuka pale pale barazani kwao, na tunataniana kutwa. Yeye ananiita Kitana, mimi namwita Bi Sauti, na siku tusipotaniana kaka anauliza kama kuna msiba.

Wana binti mmoja, wa miaka tisa. Tulimpa jina la Kinanda kwa sababu hata alipokuwa mchanga alilia kwa sauti iliyonyooka, haiyumbi. Mwaka jana aliwekwa kuimba peke yake kwenye mashindano ya shule, kipande cha juu ambacho wenzake walikijaribu wakabaki wanakohoa. Mama yake alimfanyisha mazoezi jioni baada ya jioni mpaka majirani wakakijua kile kipande kwa moyo.

Siku chache kabla ya mashindano, Kinanda aliamka hataki chai. Akimeza anakunja uso. Mimi nilikuwa namfumua nywele nimsuke upya, na mkono wangu ulipogusa shingo niliuondoa. Mtoto alikuwa anaungua. Chini ya taya nikapapasa vivimbe viwili, na nilipovibonyeza akaruka.

"Wifi," nikaita, "huyu mtoto ana homa."

Wifi akaja, akamfumbulisha mdomo, akachungulia. "Pekundu kabisa. Jana nilimkaza sana. Sauti imechoka."

"Sauti inachoka mpaka shingo iwe ya moto?"

"Kitana, wewe suka. Koo niachie mimi. Nimetunza makoo mengi kuliko vichwa ulivyosuka wewe."

Hapo ndipo penye tatizo la watu wa kazi moja. Fundi viatu akikutana na mgonjwa ataanza na viatu. Kwa watu wa kwaya, koo linalouma lina jina moja tu, sauti imechoka, na dawa yake ni moja tu: kunyamaza. Maji ya chumvi ya uvuguvugu, kitambaa shingoni, na usitoe neno. Hata kunong'ona marufuku, maana wanasema kunong'ona kunachosha sauti zaidi. Nikasema apelekwe zahanati, nikajibiwa kuwa zahanati watampa foleni tu. Mimi domo langu halina kufuli, nikarudia na kurudia, mpaka kaka akatoka ndani kuuliza kuna nini. Nikashindwa. Mtoto ni wao.

Basi Kinanda akanyamaza. Akitaka maji ananyoosha kidole. Akitaka kulala anavuta shuka. Mara mbili tatu alimshika mama yake mkono akafungua mdomo, mama akaweka kidole midomoni, "Ssh, mwanangu, itunze." Na kusema ukweli wa Mungu, baada ya siku chache homa ikaisha yenyewe, mtoto akaomba chakula, na alipofungua mdomo sauti ilikuwa vile vile, safi kama maji ya chupa. Wifi alinitazama juu ya miwani. Nilisikia yote.

Mashindano walishinda. Kinanda alikipanda kile kipande kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Jaji mmoja alifuta macho, na mama mtu akasema, "Tuendelee." Wiki nzima nyumba ile haikukalika kwa maringo, na mimi pia niliringa, kwani nywele zilizopanda jukwaani nilizisuka mimi.

Wiki chache zikapita. Nikamwita Kinanda aje asukwe, akae mkekani miguu kaikunja kama siku zote. Hakukaa. Alishuka polepole, ameshika ukuta, kisha akanyoosha mguu mmoja mbele.

"Umekuwa bibi lini wewe?" nikamtania.

"Goti linauma, shangazi. Juzi ilikuwa kifundo cha mguu. Kile kimepona, sasa ni goti."

Nikalitazama. Limevimba, la moto, na hakukuwa na mchubuko wala alama ya kuanguka. Maumivu yanayohama nyumba namna hiyo sikuwa nimewahi kuyasikia. Nilimwambia wifi, akasema ni kamba wanazoruka shuleni. Nikamwambia kwamba hasira zangu zimefika hapa, nikamwonyesha kooni. Akacheka, akaenda naye shuleni.

Jioni ile alirudi mapema na mtoto kamshika mkono. Hakuvua viatu. Alisimama barazani mbele yangu, nina mteja niliyemsuka nusu kichwa.

"Pumzi yake imekatika," akasema.

"Imekatika wapi?"

"Katikati ya mstari, mahali pasipokatika. Nikadhani mzaha, nikamwambia arudie. Ikakatika tena, mapema zaidi. Na ngazi za darasani amepumzika mara mbili." Sauti yake ilikuwa imeshuka, yeye mwenyewe hakusikia. "Wifi yangu, twende hospitali. Naogopa."

Hakuwa ameniita wifi yangu hata siku moja. Nilimwomba radhi mteja, akaenda zake na kilemba juu ya nusu ya kazi, nasi tukaondoka.

Zahanati walimsikiliza kifua, wakatazamana, wakatuandikia kwenda hospitali kubwa siku ile ile. Huko tulimkuta daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye raba za buluu na kalamu nywelini, mcheshi kama muuza duka. Alimshika Kinanda goti, kiwiko, shingo. Akamsikiliza moyo kwa muda mrefu sana, mbele, ubavuni, amelala, amekaa. Ucheshi ukapungua kidogo.

"Hivi karibuni aliumwa koo?"

"Koo, ndiyo," wifi akasema. "Sauti ilichoka."

"Alikuwa na kikohozi? Mafua? Sauti ilikwaruza?"

"Hapana. Haikukwaruza hata kidogo."

"Sauti ikichoka hukwaruza, mama, na haileti homa. Homa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Lakini hakuniambia kingine kinachomuuma."

Kinanda, miguu inaning'inia kitandani, akasema, "Uliniambia nisiseme, mama. Nilitaka kukwambia koo linauma mpaka masikioni, na kichwa, na nasikia baridi. Ukasema ssh."

Nilitazama sakafu.

Daktari hakumsuta mtu. Alivuta kiti akatueleza kwa lugha ya kawaida. Makoo mengi ya watoto huletwa na virusi, na hupona bila dawa. Lakini yapo yanayoletwa na bakteria fulani, na hayo mara nyingi huja na homa ya ghafla, maumivu ya kumeza na vivimbe shingoni, bila kikohozi. Mtu hawezi kuwa na hakika kwa macho tu, ndiyo maana lazima mtoto aonwe na daktari. Hata koo hilo huonekana kupona lenyewe, na hapo ndipo linapowadanganya watu. Mwili unakuwa umetengeneza askari wa kumpiga yule mdudu. Kwa watoto wengine, wiki mbili tatu baadaye, askari wale wanakosea, wanaanza kupiga vya nyumbani: viungo, na moyo. Viungo hupona. Moyo una milango midogo inayofunguka na kufunga kupitisha damu, na mlango ukivimba na kupata kovu haufungi vizuri tena.

"Dawa ya koo ingezuia?" wifi akauliza.

"Penisilini, akimaliza dozi yote hata baada ya kupata nafuu. Ndiyo, kwa kawaida huzuia."

Alimjibu ukweli kwa kuwa aliulizwa ukweli. Wifi akanyoosha mkono. "Naomba nisikie."

Daktari alisita, kisha akampa vile vya masikioni vya kifaa chake cha kusikilizia moyo, na kile cha baridi akakiweka chini ya titi la kushoto la mtoto. Wifi akafumba macho. Mimi nilimwona anavyotikisa kidole kidogo, kama anavyohesabu mapigo mbele ya kwaya. Kidole kikasimama.

"Baada ya pigo la kwanza," akasema. "Kuna upepo."

"Ndiyo wenyewe. Damu inarudi nyuma pale mlango haufungi."

Picha ya moyo ilisema hivyo hivyo, na wakasema ni kidogo, tumewahi. Kinanda alilazwa, akapewa dawa za viungo na penisilini, na goti likanywea haraka. Lililobaki ni sindano. Kila wiki nne, nyama ya makalio, sindano yenye dawa nzito inayoingia polepole, mpaka atakapokuwa mtu mzima. Si ya kuziba ule mlango. Ni ya kuzuia koo lile lisirudi, maana likirudi, linaumiza moyo juu ya kidonda. Wifi, ambaye akiona damu ya kuku anakaa chini, hajakosa hata moja. Anamshika mtoto mikono, wanafumba macho wote wawili, na muuguzi hajui amchome nani.

Kwaya nayo imepata sheria mpya. Mtoto akilalamika koo, mwalimu anamwambia aongee. Aeleze yote, panauma wapi, kama anasikia baridi, kama alikula. Anamgusa shingo mwenyewe, na mwenye homa anapelekwa zahanati mazoezi yakiwa yamesimama. Mzazi mmoja alimwambia anadekeza. Alimjibu maneno ambayo mimi, mwenye domo, niliyaazima baadaye.

Mwaka umetimia juzi, tukarudi kwa yule mama wa raba za buluu kwa picha nyingine. Alifurahi. Uvujaji umepungua, akasema, na akiendelea na sindano huenda ukapungua zaidi. Huenda. Wifi akaomba asikilize tena, akafumba macho, na nikaona kidole chake kidogo kikisimama pale pale pa mwanzo.

"Na mimi," Kinanda akasema. Akavaa vile vya masikioni, vikubwa kwa kichwa chake, akajisikiliza huku ametoa macho. "Mama, mbona moyo unapiga vizuri tu? Au siyo?"

Wifi yangu alimtazama usoni.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema, na akamfunga vifungo vya shati.