Ukuta wa Wifi Yangu

Mume wangu ni fundi wa kuandika mabango, na watu humwita Brashi. Ana mkono mzuri, hilo silipingi. Ila kichwa chake, loo! Mtu akimwambia amekosea, ananuna mpaka chakula kinapoa mezani.

Wifi yangu, mdogo wake wa pekee, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alimwomba amwandikie namba kwa maneno kwenye ukuta wa darasa lake, moja hadi ishirini, kila moja kwenye kisanduku chake. Brashi alipima visanduku kwa neno ishirini. Aliamini kuwa namba kubwa kuliko zote ndiyo yenye neno refu kuliko yote. Akachora mistari, akapaka rangi ya chini, akaanza kuandika. Mpaka kumi mambo yalikwenda vizuri. Alipofika kumi na moja, nafasi haikutosha. Mtu mwingine angefuta mistari akapima upya. Yeye akabana: kuminamoja, kuminambili, kuminatatu, yote yakashikana hivyo hadi kuminatisa.

Wifi alipoona alishika kiuno. "Kaka, mbona umeyagandisha?"

"Yanasomeka."

"Kwako wewe. Hawa wangu ndiyo kwanza wanajifunza."

Kufundisha kwake kulikuwa hivi. Mtoto mmoja anashika kadi ya kumi, wa pili kadi ya na, wa tatu kadi ya moja. Wanasimama bega kwa bega bila kugusana, na darasa linasoma: kumi na moja. Mwenye moja anakaa, anakuja mwenye mbili. Ishirini ilikuwa kadi moja, mtoto mmoja, peke yake. Akitaka ishirini na moja, anaitwa tena yule wa na. Watoto walipenda kushika kadi ya na, maana mwenye nayo hakai chini upesi. Sasa kadi zinasema maneno matatu, ukuta unasema neno moja. Mtoto aamini lipi?

"Nirudie kwa ajili ya nafasi tu?" Brashi akasema. "Nani anasoma nafasi?"

Akakusanya makopo yake akaja nyumbani. Nikamwambia, "Baba watoto, rudi ukamwandikie dada yako." Akatia pamba masikioni.

Wifi naye hakuwa wa kusubiri. Alichukua rangi nyeupe akachora michirizi mahali pa kukata: kumi, mchirizi, na, mchirizi, moja. Mikono yake ilikuwa ya chaki, siyo ya brashi, na ukuta ukawa kama umekwaruzwa na paka. Tena haukusaidia. Watoto wakaona maneno marefu yanakatwa, nao wakakata kila lililokuwa refu. Madaftari yakajaa ishi rini. Wifi alinisimulia huku akicheka, lakini macho hayakucheka.

Habari ya michirizi ikamfikia Brashi. "Amenichafulia kazi mbele ya watu!" Basi, ikawa ndiyo mwisho wa salamu. Wifi akija, yeye ana kazi nje. Akipiga simu, napewa mimi niongee. Nilimsema, nikamsihi, nikanuna na mimi. Wapi! Na alikuwa akimpenda, ndicho kilichoniudhi zaidi. Akisikia mtu anamsifu mwalimu yule, anauliza, "Eti walisemaje?"

Kisha macho ya wifi yakaanza kufifia. Kwanza alikosea vyakula sokoni, baadaye nyuso. Daktari akasema hayatarudi. Akaacha kazi.

Nikamwambia Brashi. Kesho yake alibeba makopo akaenda shuleni. Akaupaka ukuta wote rangi upya, akapima visanduku kwa kumi na mbili, akaandika polepole. Mimi nimeishi na kazi yake ujana wangu wote, na sijaona nzuri kama ile. Kumi imesimama peke yake, ile na imesimama peke yake, mbili pia. Ishirini moja kwa moja, bila ufa.

Akaenda kumchukua dada yake, nami nikafuatana naye. Nilimshika wifi mkono tukaingia darasani, Brashi mbele yetu, jasho linamtoka.

"Nimerudia, mdogo wangu. Nimeacha nafasi."

Wifi akanyoosha mkono, akapapasa ukuta. Rangi ilikuwa laini kabisa, kazi ya fundi. Vidole vikapita juu ya maneno vikarudi, visipate kitu.

"Iko wapi hiyo nafasi, kaka?"

Akamshika kidole, akakiweka. "Hapa pana kumi. Hapa hamna kitu. Hapa pana na. Hapa hamna kitu."

"Ni nzuri?" wifi akauliza.

Brashi akageuza uso, nikajibu mimi. "Ni nzuri sana, wifi."

"Ningependa kuiona," akasema, na hakusema kwa ubaya. Akabaki ameshika mkono wa kaka yake, uso ameuelekeza ukutani, na Brashi akalia kama mtoto.