Kivuli cha Njano

Siku yangu ya kwanza kazini patron, bosi wangu, alinipa kitambaa. "Pangusa kila sanduku mpaka ulijue," akasema. Ilikuwa depo ya vyakula, mtaa wa Birere, na mimi msichana aliyetoka Masisi na nguo mbili. Nilipangusa sabuni, chumvi, mafuta, maboksi ya samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi. Nilipoyajua akaniweka kwenye kontuari, mahali tunapopokea mushitari, yaani mnunuzi, na baada ya miaka mingi akanifanya mukubwa wa depo. Alikuwa mtu mkali, lakini neno lake moja nimelishika hadi leo: "Mama Sifa, mushitari anaingiaka kwanza na macho. Miguu inafuata."

Patron alipofariki, watoto wake wakauza depo. Mimi nikafungua butiki yangu mtaa wa Majengo, ya milango miwili ya mbao. Ninyi vijana mnaouza leo kwa picha za simu hamtaelewa, ila wakati ule butiki isiyo na mubao wa jina ilikuwa kama mutu aliyefunika uso. Kwenye barabara yetu zilikuwapo butiki nyingi za vyakula, na kila mutu aliuza kile kile.

Niliuandika mubao mimi mwenyewe. Nilichukua tole, yaani bati la pipa lililokunjuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, nikalipaka rangi nyeupe ya ukuta iliyobaki nyumbani, nikaanza kushoto: ALIMENTATION, yaani duka la vyakula, halafu MAISHA. Nilipofika kwenye S, nafasi ilikuwa imeisha. HA nilizibana pembeni zikawa ndogo kama mayai ya kuku. Mvua ya kwanza ilipopiga, rangi ikajikunja na kuanguka, na kutu ikatokea katikati ya herufi. Watu walipita wakicheka, wakaingia kwa jirani.

Siku moja akapita muzee mwenye kisanduku cha mbao begani. Aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza akabaki amesimama anatazama juu.

"Mama, huyu aliyeandika hapa ni nani?"

"Njo miye."

"Uliandika na roho safi," akasema. "Lakini bati ilikataa."

Jina lake Papa Bahati. Alikuwa ameandika majina ya makanisa na mashule kule milimani, mpaka vita ikamfukuza yeye na mke wake, Mama Neema. Alikuwa anazunguka mitaa akitafuta kazi. Nikamwambia wazi kwamba sikuwa na kitu cha kumulipa. Akakaa kwenye kizingiti. "Basi nitakuonyesha. Mvua itarudi, na mimi sijui nitakuwa wapi."

Tuliushusha mubao. Kwanza aliniambia nisugue kutu kwa burashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka bati likang'aa. Akalipangusa kwa kitambaa chenye esansi, ile petroli ya magari, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta ya mikono. Halafu tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Nilitaka kuendelea hapo hapo. Akanikataza: "Inakauka kwanza. Ukifunika rangi mbichi, ile ya juu itapasuka." Kesho yake tukapaka buluu ya mafuta, iwe msingi wa kuandikia.

Kisha akachukua uzi, akaupaka chaki, akanipa ncha moja niishike. Tukauvuta ukakaza, akauinua kwa vidole na kuuachia. Tap! Mstari mweupe ulionyooka ukabaki kwenye bati. Mistari miwili ya neno dogo juu, miwili ya neno kubwa chini. "Kosa lako lilikuwa kuanzia kushoto," akasema. "Tafuta kati. Pima neno lote kwa chaki, ndipo ushike pinso la rangi. Na usipe kila herufi nafasi sawa. M inakulaka nafasi, I haina tumbo."

Alinifundisha kwamba nafasi kati ya herufi haipimwi kwa rula, inapimwa kwa jicho. A ikikaa karibu na T au V, lazima uzisogeze zikaribiane, la sivyo panakuwa shimo. Na O, ikiishia sawasawa kwenye mstari, jicho linaiona fupi. Lazima ipite kidogo juu na kidogo chini. Nilimbishia. Akachora O mbili, moja sawa na mstari, nyingine ikipita. Niliona kwa macho yangu kwamba ile sahihi ndiyo iliyoonekana mbovu.

Pinso alichovya nusu ya manyoya tu, akaligeuza kwenye kipande cha bati mpaka ncha ikawa bapa. "Vuta, usisukume. Mkono usitetemeke peke yake, upe rafiki." Rafiki alikuwa fimbo nyembamba yenye kitambaa kilichofungwa kichwani, kichwa kinaegemea mubao, ngumi inaegemea fimbo. Mwisho akanionyesha kivuli. "Sema jua linatoka kulia. Basi kila herufi inatupa kivuli kushoto na chini, zote, bila kusahau hata moja." Tulitia kivuli cha njano. MAISHA ikasimama mbele ya bati kama imechongwa.

Watu walianza kuingia. Papa Bahati naye alipata kazi kwa wale waliouona mubao, na kila alipopita alisalimia herufi kabla ya kunisalimia mimi.

Halafu vita ikaingia mujini. Tulilala chini ya vitanda. Tulipofungua milango, butiki yangu ilikuwa imeporwa, tupu mpaka kwenye mbao za rafu. Nilikuwa nimesimama ndani ya utupu ule Mama Neema alipokuja na kisanduku cha rangi cha mume wake.

"Walimupiga risasi akitafuta maji," akasema. "Wamemuzika. Nimeleta musalaba wake, lakini jina limeandikwa na kalamu ya wino, na mvua imeanza."

"Nitaandika."

"Mama Sifa, mi siyui kusoma. Misalaba kule inafanana yote. Nitamutambua namna gani?"

Nilikaa na musalaba ule kwenye mapaja. Mbao mbichi inakunywa rangi, kwa hiyo niliinywesha kwanza rangi iliyolegezwa kwa esansi, ikakauka, nikaipaka nyeusi. Mkono wa musalaba ni mfupi. Nilitafuta kati, nikaandika herufi nyembamba nyeupe. O haikuwamo katika jina lake, nikashukuru, maana ile ndiyo ngumu kuliko zote. Kisha nikamwekea kivuli cha njano, kushoto na chini.

"Njano," nikamwambia. "Hii ni yake peke yake. Tafuta njano."

Wanawake wengine walisikia. Walikuja na misalaba mikononi kama watu wanaokuja kununua unga. Wote walitaka njano, kwa sababu ilionekana kutoka mbali. Nilikataa. Huyu nilimpa kijani, huyu nyekundu, huyu rangi ya machungwa niliyoichanganya mwenyewe. Kila mama alikariri rangi yake akiondoka, kwa sauti, asiipoteze njiani. Makopo yalipoisha hapakuwa na mahali pa kununua mengine, na wale waliokuja nyuma niliwaandikia nyeupe bila kivuli. Sikuweza kuwatazama usoni.

Butiki haikufunguka tena. Nimezeeka, na mikono imekataa pinso. Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani, nasema niliuza chumvi na sabuni, na ni kweli. Anayetaka kuandika mubao namfundisha bure, kwa mpango ule ule: kutu kwanza, kati, jicho, subira. Sisemi mengine.

Juzi Mama Neema aliniomba nimusindikize makaburini. Tulipoingia hakuuliza kitu. Aliinua kichwa, akatazama, akapita katikati ya misalaba moja kwa moja mpaka kwa mume wake, akapiga magoti. Mimi nilifika nyuma sana. Nilikuwa ninasoma majina.