Sitini Chini ya Thelathini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ualimu haukuniponya. Nafundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Kamembe. Mwaka ule nilikuwa na mwanafunzi ambaye sote tulimwita Maman, maana alikuwa na watoto wawili na aliwazidi wenzake umri. Alivuka mpaka wa Rusizi ya Pili kila asubuhi kutoka Bukavu, upande wa Kongo. Mumewe alikuwa amempa mwaka mmoja tu: akianguka, anarudi sokoni kuuza vitenge. Hilo nililijua vizuri.

Katika mtihani wa mwisho niliuliza juu ya mti wa utafutaji, yaani mchoro wa namba unaoanzia juu na kugawanyika matawi mawili mawili kwenda chini. Mti huo una sheria moja: ukisimama kwenye namba yoyote, zote zilizo chini yake upande wa kushoto ni ndogo kuliko hiyo, na zote za kulia ni kubwa. Kwa hiyo ukiulizwa babu wa karibu wa namba mbili, yaani ile ya chini kabisa inayozibeba zote mbili, huna haja ya kuhangaika. Unaanzia juu. Zote mbili ni ndogo? Teremka kushoto. Zote ni kubwa? Teremka kulia. Zikitengana, umefika. Mti usiopangwa haukupi raha hiyo. Lazima utafute kushoto na kulia, uone ni wapi pande mbili zinakutana.

Sasa, wanafunzi wetu ni wajanja, mitihani ya zamani wanayo yote kwenye simu. Nikachukua mchoro wa mwaka uliopita nikabadilisha namba. Juu hamsini. Kushoto kwake thelathini, kulia sabini. Chini ya thelathini, ishirini kushoto na arobaini kulia. Ile arobaini nikaifuta, nikaandika sitini. Nikauliza babu wa karibu wa ishirini na sitini. Jibu nilililipua: ishirini ni ndogo kuliko hamsini, sitini ni kubwa, zinatengana juu kabisa. Hamsini! Mchoro sikuutazama tena. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayewaambia wengine hivyo.

Darasa zima liliandika hamsini. Maman peke yake aliandika thelathini, na chini yake mstari mmoja: mti huu haujapangwa, nimetafuta pande zote mbili. Nikausoma. Nikasema moyoni, huyu naye, hakujifunza kanuni sasa anatafuta kisingizio. Nikapiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Swali lilikuwa la alama kumi. Alianguka kwa alama sita.

Matokeo yalipobandikwa alinifuata na karatasi yake, wenzake wamejaa mlangoni, akanisemesha kwa wingi wa heshima kama kawaida yake.

"Mwalimu, pardon, muangalie ile sitini."

"Maman, mimi njo nakufundisha ao weye njo unanifundisha?"

Wakacheka. Alikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, akaenda zake mpakani.

Wiki mbili baadaye nilikuwa natayarisha somo la darasa jipya. Niliuingiza mti uleule kwenye mashine, nikaandika njia mbili, ya kulinganisha namba na ya kutafuta pande zote, ili waone kwamba jibu ni moja ila ya kwanza ina haraka zaidi. Ya kwanza ikatoa hamsini. Ya pili ikatoa thelathini. Nililaumu programu saa nzima, nikaitukana. Ndipo nikaiona sitini, imening'inia upande wa kushoto wa hamsini, mahali ambapo hakuna sitini inayoruhusiwa kukaa. Mungu wangu! Mti wangu haukuwa wa utafutaji hata kidogo, na thelathini ndiyo iliyozibeba zote mbili, ishirini na sitini. Niliona aibu.

Nilimwandikia mkuu wa chuo barua. Akaniuliza, na hawa wengine wote waliokosa? Nikamwambia waachiwe alama zao, walifuata nilichowafundisha. Kosa ni langu. Akatia sahihi. Maman amepita.

Nikampigia simu palepale. Nasema kweli, nilitarajia shukrani. Nikamweleza yote, mchoro, sitini, barua. Akasikiliza bila kunikatiza.

"Aksanti, Mwalimu. Niwaulize kitu kimoja? Ile mustari niliandika chini ya jibu, muliisoma?"

Ningeweza kudanganya. "Niliisoma, Maman."

Nilisikia watoto wake wakigombana nyuma.

"Basi ni sawa. Miye nilikuwa nimewasamehe, juu ya vile nilifikiri hamukuiona."

Masomo yalipoanza alirudi, na alama zake zilikuwa nzuri. Lakini katika darasa langu hakunyoosha mkono tena, hata siku nilizokosea ubaoni na kumwona ameliona kosa.